Nani kati yenu amewahi kumwaga maziwa?

Mwaka 2016 mimi na wenzangu wawili tulipanda lifti hadi ghorofa ya saba, katikati ya Dar es Salaam, kwenda kuomba mtaji. Tulikuwa na slaidi 12, mashati yaliyonyooshwa pasi usiku kucha, na biashara ya kufuatilia mabasi ya shule: mzazi anafungua simu, anaona basi lilipo, anajua mtoto ameshuka. Slaidi ya tisa ilikuwa yetu wenyewe. Picha tatu ndani ya duara, na chini ya kila picha mistari minne: digrii, tuzo ya shindano la chuo, "shauku ya teknolojia". Mimi niliandikwa "mwanamikakati", neno ambalo mpaka leo sikumbuki nani alilileta.

Mwekezaji alitusikiliza bila kutukatiza. Tulipofika slaidi ile akavua miwani, akauliza, "Nani kati yenu amewahi kulipwa na shule?"

Tukatazamana. Hakuna.

Lilikuwa swali la mtu anayeijua kazi. Shule binafsi hulipa kwa muhula, tena baada ya ada kuingia, na ada huingia kwa mafungu. Mkuu wa shule anakukubalia, mhasibu anakuzungusha, na mabasi yenyewe mara nyingi ni ya mtu mwingine mwenye mkataba wake. Aliyewahi kuiuzia shule hata maboksi ya chaki analijua hilo. Sisi tulijua kuandika programu, na kila mstari wa slaidi ile ulitangaza kwamba hatujui kingine. Alituaga vizuri, akasema atapiga simu. Hakupiga.

Biashara ile ilikufa mwaka uliofuata, kwa sababu hiyohiyo aliyoigusa. Tangu hapo nimekaa na timu nyingi zinazotengeneza slaidi za kuombea mtaji, kwanza kwa urafiki, baadaye kwa malipo. Vijana wanaziita "pichi deki", au "deki" tu. Siku moja nilimwambia mama kwa simu kwamba nipo kazini naangalia deki ya watu, akaniuliza nimeanza lini kazi ya usafi. Na kweli, kwenye slaidi ya timu kazi yangu huwa ni kupiga deki: kufuta shauku, maono, uzoefu mkubwa na ujasiriamali wa kuzaliwa nao, mpaka sakafu ionekane.

Watu wengi huiandika slaidi hii kama utambulisho harusini. Huyu ni fulani, kasoma pale, anafanya kazi hapa, makofi. Lakini anayesoma hatafuti kutambulishwa. Amekwisha kusoma tatizo lenu na suluhisho lenu, na kichwani ana shaka mbili tatu kuhusu mahali biashara itakapokwama. Anapofika kwenye sura zenu anataka kuona kama kuna mtu aliyewahi kukwama hapohapo akatoka.

Na anasoma mbiombio. Mwaka 2015 kampuni ya DocSend, ambayo huduma yake huonyesha msomaji amekaa muda gani kwenye kila ukurasa, ilichambua mawasilisho ya kampuni changa 200 hivi. Wastani ulikuwa dakika 3 na sekunde 44 kwa wasilisho zima, na slaidi ya timu ilipata takriban sekunde 23. Mkiwa watatu, kila mmoja ana sekunde saba au nane za maisha yake yote. Hata hivyo sekunde hizo zina uzito. Mwaka 2013 watafiti watatu, Bernstein, Korteweg na Laws, walifanya jaribio kwenye AngelList, mtandao unaokutanisha kampuni changa na wawekezaji. Wawekezaji walitumiwa barua pepe kuhusu kampuni changa 21, na kwa kubahatisha wengine wakaonyeshwa habari za waanzilishi, wengine mauzo na watumiaji, wengine majina ya wawekezaji waliokwisha kuingia. Kwa mwekezaji wa kawaida, kilichomfanya abofye asome zaidi ni habari za waanzilishi. Hayo mengine mawili hayakumsogeza kwa kiasi cha kupimika.

Nitasimulia timu moja tu, kwa sababu kwao ndiko nilikojifunza zaidi. Nimebadili mambo madogo wasijulikane.

Walikuwa watatu kutoka Rungwe, wanawake wawili na mwanaume mmoja, na biashara yao ilikuwa kupoza maziwa ya jioni. Mfugaji hukamua mara mbili kwa siku, lakini gari la kukusanya hupita asubuhi. Maziwa yanatoka kwenye kiwele yakiwa na joto la mwili wa ng'ombe, na yasipopozwa ndani ya saa mbili tatu hadi kufikia nyuzi 4 hivi, vijidudu vinaanza kuzaliana. Kwa hiyo maziwa ya jioni yanalala, asubuhi hayafai tena kiwandani. Yananywewa nyumbani, anapewa ndama, au yanauzwa kwa jirani kwa bei ya kutupa. Wao walitaka kuweka kijijini mtambo mdogo wa kupozea unaotumia umeme wa jua, mfugaji alete ndoo jioni na akatwe kiasi kidogo kwa kila lita.

Slaidi yao ya timu ilisema hivi. Mkurugenzi: "Kiongozi kijana mwenye maono na shauku ya kuleta mapinduzi katika kilimo. Shahada ya sayansi ya chakula. Mshiriki wa mafunzo ya uongozi, Ujerumani." Mkuu wa ufundi: "Mtaalamu mwenye uzoefu wa zaidi ya miaka kumi katika sekta ya ubaridi." Mkuu wa fedha: "Mhasibu aliyesajiliwa, mchapakazi, mwenye weledi wa hali ya juu."

Niliwafanyia kipimo changu cha kawaida. Nilizinakili sentensi zao nikazibandika kwenye slaidi ya kampuni ya kubuni inayouza mitumba mtandaoni. Shauku ya kilimo nikaigeuza shauku ya mitindo. Zilikaa vizuri kabisa. Sentensi inayohama kwa urahisi hivyo haijasema kwa nini ninyi, kwa nini maziwa, kwa nini Rungwe.

Basi tukafunga kompyuta, tukachukua karatasi. Upande wa kushoto niliwaomba waandike nini kitaiua biashara yao. Walianza na majibu ya vitabuni, ushindani na sera, nikawazuia. Kitaiua nini hasa, Jumanne moja ya mwezi wa tatu, mvua inanyesha?

Hapo wakafunguka. Cha kwanza ni ndoo moja mbovu. Maziwa ya wafugaji thelathini yanachanganywa kwenye tangi moja, na mmoja akiingiza yaliyoanza kuchacha au aliyoyaongezea maji, tangi zima linakataliwa kiwandani. Cha pili ni mtambo kufa mlimani, kilomita nyingi kutoka kwa fundi, barabara ikiwa tope. Cha tatu ni makato. Mfugaji analipwa mwisho wa mwezi na wewe unakata chako kabla hajaona hela. Siku atakapohisi unamwibia, anarudi kumuuzia jirani na anaondoka na ukoo mzima. Cha nne ni kiwanda: nani ataketi na mnunuzi mkubwa akubali kupokea maziwa ya jioni kwa bei ileile ya asubuhi?

Upande wa kulia wa karatasi uliandikwa polepole zaidi, kwa sababu watu hawajui walichonacho.

Nilimuuliza mkurugenzi ni siku gani kazini alipata hasara asiyoisahau. Akanyamaza, kisha akasimulia. Kabla ya hii kampuni alikuwa mpokeaji kwenye kituo cha kukusanyia maziwa kwa miaka minne. Kazi ile ina vipimo viwili vya kila siku. Kuna laktomita, kile kifaa cha kioo kinachoelea na kukuonyesha kama yameongezwa maji. Na kuna alkoholi: unachanganya maziwa na spiriti sawa kwa sawa kwenye kikombe kidogo, yakishikana vijitonge ujue yameanza kuharibika hata kama bado yananukia vizuri. Wiki moja alkoholi iliisha, na kwa siku mbili akapokea kwa kunusa. Siku ya pili gari lilirudishwa kutoka kiwandani na tangi la lita 600. Yalimwagwa yote.

"Sasa hilo kwa nini halimo kwenye slaidi?" nikamuuliza.

"Kaka, niandike nilimwaga lita 600?"

Hapana, lakini kilichofuata kiandikwe. Baada ya siku ile alianza kupima kila ndoo ya kila mfugaji badala ya kuchagua mbili tatu, na akawa anaandika majina. Nilipouliza tangi zilizokataliwa kiwandani zilipungua kwa kiasi gani akasema "sana". "Sana" haiingii kwenye slaidi. Akasema anayo madaftari nyumbani. Wiki iliyofuata alikuja nayo, madaftari ya kaunta yenye harufu ya siagi, tukakaa mchana mzima tukihesabu. Mwanzoni kiwanda kilikuwa kinarudisha tangi tatu kwa mwezi. Mwaka wa mwisho zilirudishwa mbili, kwa mwaka mzima.

Fundi alikuwa na mambo hivyohivyo, ila yeye ni mtu wa maneno machache. "Sekta ya ubaridi" ilikuwa nini? Majokofu ya mabucha, miaka mitano. Halafu? Halafu majokofu ya chanjo. Wapi? Zahanati za juu kule. Yanatumia nini? Jua. Nilikaribia kuruka. Mtu huyu kwa miaka sita alikuwa akihudumia majokofu 23 ya chanjo yanayotumia umeme wa jua, katika zahanati za milimani, chombo ambacho hakiruhusiwi kutoka nje ya nyuzi 2 hadi 8 hata usiku mmoja. Alikuwa anakwenda na pikipiki na begi la vipuri. Aliniambia kinachokufa mara nyingi si paneli, watu wote huogopa paneli. Ni kadi ya kuendeshea kompresa, na betri pale zilipo. Ndiyo maana mtambo wake wa maziwa aliuunda utunze ubaridi kwa barafu badala ya betri. Hii ndiyo habari iliyokuwa imefichwa ndani ya "uzoefu wa zaidi ya miaka kumi".

Aliyenishangaza zaidi ni mhasibu. Cheti chake cha CPA kilikuwa mstari wa kwanza, na ni kizuri. Alichokiacha ni kwamba kabla ya kuhamia ofisi ya mjini alitunza vitabu vya AMCOS, ushirika wa wakulima wa kahawa, kwa miaka mitano. Wanachama 310, mkopo wa mbolea, makato kwenye malipo ya mazao. Msimu mmoja kahawa ilishindwa na wanachama wakawa hawawezi kukatwa, yeye akazunguka na mwenyekiti kijiji kwa kijiji kupanga upya deni, likalipwa lote kwa misimu miwili. Nilimuuliza kwa nini aliacha hilo. Akasema aliona ni la kijijini.

Hapo ndipo penye ugonjwa wetu, na sisemi wa Rungwe tu. Tunaweka mbele wiki mbili za Ujerumani na tunaficha miaka mitano ya AMCOS. Tunadhani mwekezaji anataka kuona tumefika mbali, wakati yeye anataka kuona tumekaa karibu na tatizo. Digrii na chuo vina kazi yake, hasa kama teknolojia yenyewe ni ngumu na bila shahada huigusi. Mtu anayetengeneza dawa aandike shahada yake kwa herufi kubwa. Lakini kwa biashara nyingi za kwetu, jambo lenye thamani kuliko yote ni lile ambalo mtu angeona haya kulisema mbele ya wageni.

Mwishoni slaidi ilisomeka hivi:

Mkurugenzi: "Kwa miaka minne alipokea na kupima maziwa ya wafugaji 140 Rungwe. Alianzisha kupima kila ndoo. Tangi zilizokataliwa kiwandani zikashuka kutoka tatu kwa mwezi hadi mbili kwa mwaka. Vijiji vitano tunavyoanza navyo ni vya wafugaji wake."

Mkuu wa ufundi: "Fundi majokofu, miaka 11. Kwa miaka sita amehudumia majokofu 23 ya chanjo yanayotumia jua katika zahanati za milimani. Ameunda mtambo wetu wa kwanza, unaofanya kazi kijijini tangu miezi mitano iliyopita."

Mkuu wa fedha: "Mhasibu, CPA. Kwa miaka mitano alisimamia makato na mkopo wa mbolea wa AMCOS yenye wanachama 310. Msimu ulipoharibika, deni lilipangwa upya na kulipwa lote kwa misimu miwili."

Kila mmoja ana maneno kama thelathini. Kila mmoja amebeba tishio moja kutoka upande wa kushoto wa ile karatasi, na halibebwi na mwingine. Msomaji mwenye shaka ya ndoo mbovu anaangukia kwa wa kwanza, mwenye shaka ya mtambo kwa wa pili, mwenye shaka ya makato kwa wa tatu. Utaona pia kwamba sentensi zinasimama juu ya kitendo na mahali. Vyeo nimeviacha vidogo, kwa sababu kampuni ya watu watatu ikiwa na wakuu watatu inachekesha kidogo.

Mfano unaojulikana hadharani ni M-KOPA, iliyoanza kuuza umeme wa jua wa nyumbani Kenya mwaka 2012, mteja akilipa kidogo kidogo kila siku kwa simu. Biashara nzima ilisimama juu ya swali kama mtu wa kipato cha chini atalipa kwa M-Pesa siku baada ya siku. Mmoja wa waanzilishi, Nick Hughes, ndiye aliyeongoza kazi ya kuianzisha M-Pesa akiwa Vodafone, kabla Safaricom haijaizindua mwaka 2007. Wasifu wa mtu kama huyo hauhitaji kivumishi hata kimoja.

Sasa, tishio la nne. Hakuna kati ya watatu aliyewahi kukaa mezani na kiwanda kama muuzaji. Wazo la kwanza la mkurugenzi lilikuwa kumwongeza mshauri: mzee mmoja aliyestaafu kutoka serikalini, jina kubwa, angekubali picha yake iwekwe. Nilimuuliza mzee huyo ameongea nao mara ngapi. Mara moja, msibani. Tukamwacha apumzike. Washauri wasiopokea simu ni mapambo, na mwekezaji akimpigia mmoja wao akasikia "kampuni gani hiyo?", anaanza kuwatilia shaka hata wale watatu wa kweli.

Badala yake tulichora kisanduku cha nne kitupu, bila picha, tukaandika: "Tunamtafuta: mtu aliyewahi kuviuzia viwanda maziwa kwa mkataba. Nafasi na hisa zake zimetengwa." Fundi aliona tunajianika. Mimi naona kinyume chake: pengo lile msomaji angelikuta tu, na afadhali alikute likiwa na alama yetu kuliko aliokote mwenyewe. Ila kisanduku kitupu kiwe kimoja. Vikiwa viwili hamna timu, mna tangazo la kazi. Na kisiwe kwenye kiini cha biashara. Kampuni ya programu isiyo na mwandika programu haiokolewi na kisanduku.

Kulikuwa na jambo jingine dogo, na ndilo huharibu mambo baadaye. Mhasibu alikuwa bado ameajiriwa. Slaidi ya zamani haikusema, ikaacha msomaji adhani wote wapo kazini muda wote. Tuliandika chini ya jina lake kwa herufi ndogo: "Anaingia muda wote mtaji ukikamilika." Mwekezaji atauliza tu, na atauliza mwanzoni. Ndivyo ilivyo kwa hisa, ingawa hizo hazikai kwenye slaidi. Nimewahi kuona timu nzuri ikikwama kwa sababu mwenzao wa nne alikwenda Muscat kutafuta maisha akiwa na robo ya kampuni mfukoni, na hakuna karatasi iliyosema hisa zinaiva polepole, yaani mtu anazipata kidogo kidogo kadiri anavyobaki. Utaratibu uliozoeleka ni miaka minne, na mwaka wa kwanza ukiondoka kabla haujatimia huondoki na kitu. Waandikiane kabla ya kupiga picha.

Slaidi ikae wapi? Kwa hawa niliiweka ya tatu, mara tu baada ya tatizo na suluhisho, kwa sababu hawakuwa na mauzo ya kutosha na watu ndio waliokuwa hoja yao kubwa. Kama mngekuwa na wateja elfu mbili wanaolipa, ningewaweka mwisho na wala nisingebishana.

Kuhusu kuongeza chumvi nitasema kwa kifupi kwa sababu kunaudhi. Kijana mmoja wa timu nyingine aliandika kwamba "aliongoza" mradi wa malipo ya simu kwenye benki. Mwekezaji akapiga simu mbili. Ikaonekana alikuwa pale kwa mafunzo ya vitendo, wiki nane. Biashara yao haikuwa mbaya, na angeandika "nilikaa wiki nane dawati la malalamiko ya miamala iliyokwama" ningempa alama zaidi, maana huko ndiko malipo ya simu yanakojulikana. Siku hizi kabla sijaidhinisha kitenzi namuuliza mtu: akipigiwa simu bosi wako wa wakati ule, atakitumia kitenzi hikihiki? Kama anasita, tunashuka ngazi. Aliongoza, alisimamia, alishiriki, alikuwepo. Kushuka hakumuui mtu.

Mipaka ipo, na wateja wangu hawapendi niiseme. Mwaka 2009 Kaplan, Sensoy na Strömberg walichapisha utafiti uliofuatilia kampuni 50 kuanzia mpango wao wa mwanzo wa biashara hadi kwenye soko la hisa. Aina ya biashara ilibadilika mara chache. Wakubwa wa kampuni walibadilika mara nyingi. Wapo wanaosoma matokeo hayo na kusema tazama biashara, watu watapatikana. Lakini kwanza hizo ni kampuni zilizofika sokoni, zenye fedha za kuajiri mkurugenzi mwingine. Pale Rungwe, fundi yule akiondoka, mtambo unabaki boksi. Hata hivyo kuna jambo la kweli ndani yake: slaidi ya timu haiwezi kujibu swali la bei. Mtambo wa kwanza uligharimu zaidi ya kile ambacho makato ya lita mia moja kwa siku yangerudisha kwa muda unaovumilika, na wawekezaji wawili walikataa kwa hesabu hiyo tu. Mmoja aliongeza kwamba timu ni nzuri sana. Sikujua nimshukuru au la.

Tulibishana pia kuhusu picha. Wanawake wale wawili walipiga upya studio, koti na mwanga mzuri. Fundi alikataa. Picha yake ilikuwa ile ya simu, ovaroli ya bluu, nyuma yake ukuta wa zahanati na jokofu limefunguliwa mlango. Mkurugenzi alinipigia mara tatu nimshawishi avae suti. Nilijaribu, kwa uvivu.

Mwekezaji wa tatu hakuuliza hesabu kwanza. Alisoma slaidi, akaomba namba ya meneja wa kituo kile cha zamani, akampigia bila kutuambia. Tulikuja kujua baadaye kwa meneja mwenyewe. Waliongea dakika ishirini, nyingi zikiwa za vipimo na wafugaji. Mwishoni akauliza kama tangi ziliwahi kurudishwa kwa kosa la huyu binti mwenyewe. Meneja akamweleza habari ya lita 600.

"Ulijuaje kwamba ni yeye?"

"Alikuja nyumbani kwangu jioni ileile na daftari. Mimi nilikuwa nimeshamlaumu dereva."